Saa 4,000 za YouTube: Jinsi ya Kujua Kama Chaneli Imefika

Chaneli ya YouTube huanza kulipwa mgao wa matangazo baada ya kukubaliwa kwenye YouTube Partner Program, mpango ambao watengeneza maudhui wa Afrika Mashariki huuita kwa kifupi monitaizesheni. Mlango wa mpango huo una vipimo viwili vinavyosomwa kwa pamoja. Cha kwanza ni wafuatiliaji, yaani waliobonyeza kitufe cha Subscribe, na hao wanatakiwa kufika 1,000. Cha pili ni muda ambao watu wameutumia kutazama, nao ni saa 4,000 ndani ya siku 365 zilizopita. Anayetegemea video fupi za Shorts ana njia nyingine badala ya saa hizo: kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Njia hizi mbili hazijumlishwi. Chaneli yenye saa 3,900 na mitazamo milioni 9 ya Shorts haijafika popote.

Masharti hayakuwa hivi siku zote. Mwaka 2017 chaneli ilitakiwa tu iwe imetazamwa mara 10,000 tangu ilipofunguliwa. Januari 2018 YouTube ikatangaza wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000, na kuanzia Februari 20 mwaka huo hata chaneli ndogo zilizokuwa zikilipwa zikatolewa. Badiliko kubwa halikuwa ukubwa wa namba. Lilikuwa kuacha kuhesabu mara na kuanza kuhesabu muda, tena muda wenye ukomo. Mtazamo wa mwaka 2015 ulikuwa na thamani milele kwa kanuni ya zamani. Kwa kanuni ya sasa umeshapitwa na wakati.

Mwaka 2023 kikaongezwa kizingiti cha chini: wafuatiliaji 500, video 3 za hadharani ndani ya siku 90, na ama saa 3,000 za mwaka au mitazamo milioni 3 ya Shorts ndani ya siku 90. Kizingiti hiki hakifungui matangazo. Kinachofunguliwa ni michango ya watazamaji wenyewe, kama uanachama wa kulipia na Super Thanks, na si huduma zote zinapatikana kila nchi. Kenya, Tanzania na Uganda zimo kwenye orodha ya nchi za mpango, lakini mwenye chaneli huona kwenye skrini yake zile huduma tu zinazotolewa kwa nchi aliyoiandikisha. Makala haya yanabaki kwenye kizingiti kikubwa, na hasa kwenye saa 4,000, kwa kuwa ndiko wengi wanakokosea hesabu.

Mahali rasmi pa kusoma ni pamoja tu. Kwenye simu ni ndani ya programu ya YouTube Studio, chini ya kitufe kilichoandikwa Earn. Kwenye kompyuta ni studio.youtube.com, menyu ya kushoto, neno hilohilo. Ukurasa wa Earn wa chaneli ambayo haijajiunga huonyesha mistari inayojaa taratibu: mmoja wa wafuatiliaji, mwingine wa saa za kutazamwa hadharani, mwingine wa mitazamo ya Shorts. Chini yake kuna kitufe cha kuomba kuarifiwa chaneli itakapofika, na kikishatimia kitufe hicho hugeuka kuwa Apply. Ikiwa Earn bado inaandika saa 3,660, basi ni 3,660, hata kama ukurasa mwingine wa Studio hiyohiyo unasema zaidi ya 5,000.

Na kweli unaweza kusema hivyo. Ukurasa wa Analytics nao una namba ya saa, imeandikwa Watch time, na ndiyo ambayo watu huipiga picha na kuituma kwenye makundi ya WhatsApp wakilalamika kuwa wameonewa. Namba hiyo si ya uongo. Inajibu tu swali tofauti. Analytics huuliza: watu wametazama muda gani, popote na vyovyote? Earn huuliza: kati ya muda huo, upi ulitazamwa kwenye video iliyo wazi kwa kila mtu, bila kulipiwa, nje ya mkondo wa Shorts, ndani ya siku 365? Namba ya kwanza ni jumla ya gunia. Ya pili ni mchele uliobaki baada ya kupepetwa.

Pumba ni za aina tatu, na inafaa kuzitazama kwenye chaneli moja. Tuseme ni chaneli ya mapishi ya mama mmoja wa Tanga: futari, maandazi, biriani, wali wa nazi. Ina wafuatiliaji 1,146, kwa hiyo kipimo cha kwanza kimepita. Analytics yake, ikiwekwa kwenye Last 365 days, inaonyesha saa 5,230. Earn inaonyesha 3,660. Pengo ni saa 1,570, na karibu lote linaweza kufuatiliwa mpaka lilipotokea.

Kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi kwenye kompyuta, ndani ya Analytics, kwa kubonyeza Advanced mode, kuchagua tena Last 365 days, kisha kupanga jedwali kwa Traffic source, yaani mlango ambao mtazamaji aliingilia. Safu ya saa sasa imegawanyika mstari kwa mstari. Mstari wa Shorts feed una saa 1,030. Hizi ni za mtu anayepitisha video fupi kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, na kanuni inazitoa zote kwenye saa 4,000. Mstari wa YouTube advertising una saa 260. Hizo zilitokana na video ya biriani ambayo mwenye chaneli aliilipia itangazwe. Watu waliiona kwa sababu ya fedha, na saa za aina hiyo hazihesabiwi hata ikiwa mtazamaji aliipenda mpaka mwisho. Ukitoa mistari hiyo miwili kwenye 5,230 zinabaki 3,940.

Aina ya tatu haionekani kwenye jedwali hilo, na ndiyo inayouma kwa sababu saa zake zilikuwa halali zilipopatikana. Ni saa za video ambayo baadaye ilifichwa au kufutwa. Mama wa Tanga aliwahi kurusha mubashara maandalizi ya pilau ya harusi, masufuria matano uani, saa tatu mfululizo. Watu 402 waliifuatilia kwa wastani wa dakika 40, ambazo ni saa 268. Wiki iliyofuata familia ya bibi harusi ikaomba sura za ndugu zisibaki mtandaoni, naye kwa heshima akaigeuza kuwa Unlisted, yaani huonekana tu kwa mwenye kiungo chake. Analytics bado inazikumbuka saa 268, kwa kuwa zilitazamwa kweli. Earn imezitoa, kwa kuwa video si ya hadharani tena. Video za namna hii hutafutwa kwenye ukurasa wa Content, kwa kuchuja Visibility na kuziita zile za Private na Unlisted, kisha kusoma saa za kila moja. Ukitoa 268 kwenye 3,940 zinabaki 3,672. Tofauti ya saa 12 iliyobaki hadi 3,660 haina kesi: kurasa hizi mbili hazisasishwi kwa wakati mmoja, na Earn huwa nyuma kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo palipo na tofauti kati ya pengo la kawaida na dalili ya tatizo. Saa kumi au ishirini zikipotea ni ucheleweshaji. Mamia yakipotea kwa usiku mmoja, kuna video imefichwa, imefutwa na mwenyewe, au imeondolewa kwa dai la hakimiliki. Chaneli za muziki hukumbana na hili mara nyingi: mkusanyiko wa taarabu za zamani uliokuwa umebeba nusu ya saa za chaneli nzima huondolewa kwa malalamiko ya mwenye haki, na mstari wa Earn hurudi nyuma siku chache baadaye.

Laivu zina utaratibu wao. Saa za mubashara huhesabiwa ikiwa rekodi yake imebaki na iko wazi kwa wote. YouTube huhifadhi yenyewe rekodi ya laivu isiyozidi saa 12. Inayopita hapo, kama mkesha wa maombi unaoanza saa moja jioni na kumalizika asubuhi saa mbili, haihifadhiwi hivyo, na saa zake za kutazamwa hupotea kwenye hesabu ya Earn hata kama watu elfu moja walikesha nayo. Anayerusha mikesha au mechi za mchangani kutwa nzima hufanya vema kukata matangazo hayo vipande viwili.

Kuna mtego mwingine mpya kidogo, unaohusu umbo la video. Tangu Oktoba 15, 2024 video yoyote iliyosimama wima au ya mraba, isiyozidi dakika 3, inapopakiwa huhesabiwa kuwa Shorts. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa dakika moja. Mtu aliyezoea kupiga somo la dakika mbili na nusu huku simu imesimama, akijua kwamba ni video ya kawaida, sasa anatengeneza Shorts bila kutaka, na saa zinazotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hazimwongezei kitu kwenye 4,000. Kuilaza simu kunatosha kurekebisha hilo. Inashangaza ni chaneli ngapi za mapishi na mafunzo zingekuwa zimefika kama simu ingelazwa.

Kwa upande wa Shorts zenyewe, hesabu ya milioni 10 nayo ina chujio lake. Tangu Machi 31, 2025 namba kubwa inayoonekana chini ya Shorts huongezeka kila video inapoanza kucheza, hata kwa nusu sekunde kidole kikiwa kinapita. Sifa ya kujiunga haipimwi kwa namba hiyo bali kwa engaged views, mitazamo ya waliobaki kidogo kutazama, na Analytics huionyesha kando. Kwa hiyo chaneli inaweza kujisifu kwa milioni 12 mbele ya watu huku Earn ikisoma milioni 8. Na milioni 10 ndani ya siku 90 ni zaidi ya 111,000 kila siku, Jumatatu hadi Jumapili. Kwa chaneli nyingi za Kiswahili za mafunzo au mapishi, saa 4,000 ndiyo njia iliyo karibu.

Hizo saa 4,000 ni nyingi kiasi gani? Ni dakika 240,000. Ikiwa mtazamaji wa kawaida wa chaneli hubaki dakika 4, inabidi video zake zitazamwe mara 60,000 kwa mwaka. Akibaki dakika 2, mara 120,000. Akibaki dakika 8, mara 30,000 zinatosha. Muda huo wa wastani husomwa Analytics, umeandikwa Average view duration, na ndio unaoeleza kwa nini chaneli ya vichekesho vya dakika moja yenye mitazamo laki mbili inaweza kuwa mbali kuliko ya mawaidha yenye elfu arobaini.

Sasa siku 365. Maneno “mwaka mmoja” huwafanya wengi wafikirie Januari hadi Desemba, au mwaka tangu chaneli ilipofunguliwa. Si hivyo. Ni siku 365 zinazohesabiwa kurudi nyuma kutoka leo, na kesho zitahesabiwa kutoka kesho. Ni kama basi lenye viti 365: kila siku inapopanda abiria mpya mbele, mmoja hushuka kwa mlango wa nyuma, na anayeshuka huondoka na saa zake. Mstari wa Earn hupanda ikiwa siku iliyopanda ina saa nyingi kuliko iliyoshuka. Zikilingana mstari husimama, hata kama watu wanatazama kila siku. Mwenye chaneli aliyekwama kwenye 3,660 kwa miezi miwili hajasahauliwa na mtu. Anapata kila siku kiasi kilekile alichokuwa akipata siku kama ile mwaka jana.

Kwa chaneli yenye msimu, jambo hili lina faida inayoweza kukokotolewa. Mama wa Tanga hutazamwa karibu saa 6 kwa siku miezi ya kawaida, na karibu saa 55 kwa siku mwezi wa Ramadhani, watu wanapotafuta vitu vya futari alasiri. Katika siku 365 kuna siku 30 za Ramadhani na 335 za kawaida. Siku 335 mara 6 ni saa 2,010. Siku 30 mara 55 ni saa 1,650. Jumla ni 3,660, ileile anayoiona. Kwa hesabu ya kalenda ya Kizungu angesema hatafika mpaka chaneli ikue.

Lakini mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, pungufu kwa takribani 11 kuliko basi la viti 365. Ramadhani mpya inapoanza, Ramadhani ya mwaka jana bado imeketi ndani nzima, na nyuma yake kuna siku kama 11 za mwisho wa Shaabani zinazotakiwa kushuka kwanza. Hivyo katika siku 11 za mwanzo za mfungo, kila siku inapanda siku ya saa 55 na kushuka ya saa 6. Mstari wa Earn unapanda saa 49 kwa siku. Kutoka 3,660, siku ya 7 ya mfungo unafika 4,003. Siku ya 11 unafika 4,199.

Baada ya hapo Ramadhani ya jana inaanza kushuka siku moja moja huku ya leo ikipanda, saa 55 kwa saa 55, na mstari unasimama kwenye 4,199 hadi mwezi wa Idi uandame. Wakati huo basi limebeba siku 41 za Ramadhani: 30 za mwaka huu, na lile kumi la mwisho la mwaka jana na ziada yake. Idi ikipita, mambo yanageuka: inapanda siku ya saa 6, inashuka ya saa 55. Mfunguo mosi tarehe 4 mstari uko 4,003. Tarehe 5 uko 3,954, chini ya kizingiti. Ukiongeza ule ucheleweshaji wa siku chache wa Earn, mwenye chaneli hii ana dirisha la kama wiki nne kwa mwaka ambamo kitufe cha Apply kimewaka. Asipofungua Studio hadi siku ya kurudisha masufuria ya Idi, atakuta 3,660 na kuapa kuwa hajawahi kufika.

Hesabu hii imechukulia kwamba miaka miwili imelingana, na maisha hayaendi sawasawa hivyo; lakini umbo lake ni la kweli kwa chaneli yoyote ya futari, kaswida au mawaidha ya Ramadhani. Chaneli ya matokeo ya mitihani au ya ligi, ambayo msimu wake unafuata kalenda ya Januari hadi Desemba, haina bahati hiyo. Siku yake kubwa ya mwaka huu hupanda karibu sawia na kushuka kwa siku kubwa ya mwaka jana, isipokuwa ratiba imerudishwa nyuma kidogo.

Ndiyo maana kitufe cha kuomba kuarifiwa, kinachodharauliwa, ndicho chenye kazi: hutuma barua pepe chaneli ikivuka, hata ikivuka kwa siku tatu tu. Na ombi likishapelekwa, kushuka tena si tatizo. YouTube hurekodi kwamba chaneli ilikuwa imefika siku ya kuomba, na ukaguzi huendelea hata kama saa zimerudi chini ya 4,000.

Kipimo cha wafuatiliaji hakina dirisha. Mfuatiliaji wa mwaka 2016 bado ni mfuatiliaji. Hata hivyo namba yake hupungua kwa sababu nyingine: YouTube hufuta akaunti zilizofungwa na zile zilizogundulika kuwa za bandia, na hupunguza idadi ya chaneli zilizofuatwa na akaunti hizo. Makundi ya “nisabskraibu nikusabskraibu” huleta wafuatiliaji 300 kwa wiki na kuwapoteza kwa mkupuo, na mchezo wenyewe unakatazwa na kanuni za YouTube. Chaneli yenye 1,004 waliopatikana hivyo haiko salama kama yenye 1,004 waliokuja kutafuta chapati. Dalili ipo Analytics: wafuatiliaji wamepanda kama ngazi huku saa zimelala palepale. Mia tatu waliokuja kutazama huongeza namba zote mbili.

Namba zikishafika yapo masharti mengine ambayo ukurasa wa Earn huyaonyesha pembeni kwa alama ya tiki: uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google uwe umewashwa, chaneli isiwe na onyo hai la ukiukaji wa miongozo ya jamii, na iwe imefunguliwa vipengele vya juu, ambavyo huhitaji kuthibitisha utambulisho au kuwa na historia nzuri ya kutosha. Mtu anaweza kuwa na saa 6,000 na kitufe kisiwake kwa sababu tu hajawasha uthibitishaji huo. Kabla ya kulaumu saa, inafaa kutazama tiki.

Apply ikibonyezwa kuna hatua tatu: kukubali masharti, kuunganisha akaunti ya AdSense for YouTube, na kukaguliwa. Anayeunganisha aangalie kama tayari ana akaunti ya AdSense, kwa kuwa mlipwaji mmoja haruhusiwi kuwa na mbili, na ya pili hukataliwa. Ukaguzi kwa kawaida huchukua karibu mwezi. Wakaguzi hawarudii kuhesabu saa. Hutazama mada kuu ya chaneli, video zilizotazamwa zaidi, zile mpya, zile zilizobeba sehemu kubwa ya saa, pamoja na vichwa vya habari, picha za utangulizi na maelezo ya chaneli. Kwa maneno mengine, saa zilezile zilizoifikisha chaneli mlangoni ndizo zinazokaguliwa zimetoka wapi. Chaneli iliyofikisha 4,000 kwa kupakia upya vipande vya filamu za wengine au nyimbo ambazo haikuziimba husimamishwa hapa kwa kosa la maudhui yaliyotumiwa tena, hata kama hakuna mwenye haki aliyelalamika. Ile inayotoa video zilizofanana kama matofali ya kufyatua, kichwa kimebadilishwa tu, hukwama kwenye kanuni ambayo tangu Julai 2025 inaitwa ya maudhui yasiyo halisi.

Ikikataliwa, mwenye chaneli anaweza kukata rufaa ndani ya siku 21, au kuomba upya baada ya siku 30. Kwa aliyekataliwa zaidi ya mara moja, kusubiri ni siku 90. Katika kusubiri huko basi la viti 365 linaendelea kutembea, na aliyefuta video zenye kasoro ili asafishe chaneli hukuta amefuta pia saa zake, akarudi kwenye 2,800 siku ya kuomba tena. Mama wa Tanga, akikataliwa mwishoni mwa Shawwal, atakuwa anaomba tena wakati ambapo mstari wake umesharudi 3,660, na kitufe hakitawaka. Atasubiri mpaka siku ya saba ya mfungo unaofuata, au aongeze kwenye mapishi ya kawaida takribani saa moja kila siku, kutoka 6 hadi kidogo zaidi ya 7, jambo ambalo kwa mwaka mzima lingeujaza upungufu wake wa saa 340.

Chaneli iliyokwisha kukubaliwa haitolewi kwa sababu tu namba zimeshuka chini ya kizingiti. YouTube inaweza kuiondoa ikiwa imekaa miezi 6 au zaidi bila kupakia video wala kuweka chapisho kwenye ukurasa wake.